Neema Isiyosimamisha Riba

Kila msimu, mpunga unapoanza kupurwa katika majaruba ya Usangu, zinakutana tarakimu mbili zisizolingana. Moja iko kichwani mwa mkulima, nyingine iko kwenye karatasi ya afisa mikopo. Mkulima alikopa shilingi 3,000,000 mwezi Desemba, akaambiwa ana miezi sita ya neema, naye akaelewa kuwa kwa miezi hiyo deni limelala. Karatasi anayopewa Julai inakaribia milioni tatu na nusu. Anauliza, "Mmenitoza riba hata miezi ya neema?" Anajibiwa, "Neema ilikuwa ya malipo, mzee wangu, siyo ya riba." Mara nyingi wote wawili wanasema kweli kama walivyoelewa, na mkataba walioutia saini hauwasaidii, kwa sababu umeandika neno "neema" bila kusema ni neema ya kitu gani.

Mkanganyiko huu si wa mkulima peke yake. Wajumbe wa bodi za vyama vya akiba na mikopo, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, hata baadhi ya maafisa wanaojaza fomu, huutafsiri mkataba uleule kwa namna tofauti. Uchambuzi huu unachukua mkopo mmoja wa mfano wa mpunga, unauhesabu siku kwa siku, kisha unapima misimamo inayogombana juu ya riba ya kipindi cha neema. Njiani itaonekana kwamba ugomvi unaopigiwa kelele zaidi sio unaogharimu fedha nyingi zaidi.

Kwa nini mkopo hulipwa kwa mkupuo

Mkopo wa mwajiriwa hukatwa kila mwezi kwa sababu mshahara huingia kila mwezi. Mpunga hauna mshahara. Desemba fedha zinatoka kuandaa kitalu na kulima kwa pawatila. Januari na Februari zinatoka kuvuruga majaruba na kupandikiza. Baada ya hapo mbolea, palizi, na vijana wa kuamia ndege. Fedha hazianzi kurudi hadi mpunga uvunwe, upurwe na upate mnunuzi, kwa kawaida kati ya Mei na Julai. Ukimpangia mkulima huyu marejesho ya kila mwezi, marejesho ya Februari atayatoa kwenye fedha ileile uliyomkopesha Desemba, na mbolea itapungua.

Ndiyo sababu wakopeshaji wenye uzoefu wa kilimo huandika mkopo wa mkupuo mmoja: deni la msingi na riba yake vinalipwa pamoja, siku moja, baada ya mavuno. Mpango huu unafuata mwenendo wa shamba, lakini una gharama zake. Mkopeshaji hapati dalili ya mapema kwamba mambo yanaharibika, kwani hakuna rejesho la Machi litakalokosekana. Mkopaji naye anabeba deni zima hadi mwisho, kwa hiyo riba kwa shilingi inakuwa kubwa kuliko ya jirani yake mwenye kiwango kilekile anayelipa kidogo kidogo. Jirani analipa riba ndogo kwa sababu kila mwezi anarudisha sehemu ya fedha. Wengi huona tofauti hiyo ya shilingi wakadhani wametozwa kiwango cha juu, kumbe kiwango ni kilekile na kilichotofautiana ni muda ambao fedha imekaa mikononi mwao.

Hapa kuna jambo moja la kumtuliza mkopaji. Kwenye mikopo ya kila mwezi kuna mtego unaojulikana: riba kuhesabiwa juu ya deni lote la mwanzo hata baada ya nusu yake kulipwa. Kwenye mkopo wa mkupuo mtego huo haupo, kwa sababu deni la msingi halipungui hadi siku ya mwisho. Mitego yake iko kwingine.

Neema inafanya kazi gani humo

Kipindi cha neema kilibuniwa kwa ajili ya mikopo yenye marejesho mengi. Mtu anakopa kwa miaka mitatu, anapewa miezi sita ya kwanza bila kurejesha, kisha anaanza kulipa kila mwezi. Hapo neema ina kazi ya wazi, nayo ni kuahirisha rejesho la kwanza.

Sasa weka neema hiyohiyo ndani ya mkopo wa mkupuo. Mkopo umetolewa tarehe 1 Desemba 2024, unalipwa wote tarehe 31 Julai 2025, na mkataba unasema kuna neema ya miezi sita. Neema inaahirisha nini? Kati ya Desemba na Juni hapakuwa na rejesho lolote la kuahirisha. Ukiifuta neema hiyo kwenye mkataba, tarehe ya kulipa inabaki 31 Julai vilevile.

Kwa hiyo mkataba wa mkupuo unapotaja neema, swali la kwanza la mkaguzi ni hili: neno hili linafanya kazi gani hapa? Majibu huwa machache. Huenda limebaki tu kutoka kwenye fomu ya mikopo ya kila mwezi iliyonakiliwa, na halina madhara. Huenda linamaanisha kweli kwamba riba haihesabiwi kwa miezi hiyo, jambo ambalo ni nadra. Huenda linamaanisha kwamba deni la msingi linasubiri lakini riba inapaswa kulipwa kila mwezi. Au linaweka alama ya siku ambayo riba iliyolimbikizwa itaingizwa kwenye deni la msingi, na kuanzia hapo riba yenyewe izae riba. Neno ni moja, mikataba ni minne, na kila mmoja una kiasi chake siku ya mavuno.

Hesabu ya mfano, siku kwa siku

Tuchukue mkopo huohuo: shilingi 3,000,000, riba asilimia 24 kwa mwaka, yaani asilimia 2 kwa mwezi. Kiwango hiki ni cha mfano, ila hakiko mbali na maisha. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza hatua za kuzivuta benki zikopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka, na wapo wakulima wanaoipata. Mwingine asiyefikiwa na benki huenda kwenye chama chake cha akiba na mikopo, au kwa taasisi ndogo isiyopokea amana, ambayo ukomo wake uliowekwa na Benki Kuu ni asilimia 3.5 kwa mwezi.

Anza na siku. Kutoka 1 Desemba 2024 hadi 31 Julai 2025 ni siku 242. Ukihesabu siku ya kupokea usihesabu ya kulipa, au kinyume chake. Ukizihesabu zote mbili umeongeza siku moja isiyokuwepo. Kisha tafuta riba ya siku moja:

```
3000000 * 0.24 / 365 = 1972.60
```

Kila siku inayopita, deni hili linaongezeka kwa takribani shilingi 1,973, mvua ikinyesha isinyeshe. Zidisha kwa siku 242 upate riba ya shilingi 477,370. Kiasi cha kulipa siku ya mwisho ni 3,477,370. Mwenye simu yenye programu ya jedwali anaweza kuandika mstari mmoja, na tarehe zitahesabiwa zenyewe:

```
=3000000*24%*(DATE(2025,7,31)-DATE(2024,12,1))/365
```

Hiyo ndiyo hesabu ya kupimia nyingine zote: riba inaendelea kuhesabiwa kwa kipindi chote juu ya deni la msingi peke yake, na inalipwa mwishoni.

Mabadiliko madogo yanaweza kuingia hapo bila mtu kuyatangaza. Mkopeshaji anayehesabu kwa miezi atasema miezi minane mara 60,000, yaani 480,000. Anayegawa mwaka kwa siku 360 badala ya 365 atapata shilingi 2,000 kamili kwa siku, na jumla 484,000. Tofauti ni ya maelfu machache, lakini kugawa kwa 360 kunapandisha kiwango halisi hadi asilimia 24.33 kwa mwaka wakati karatasi inasema 24. Mkataba ulipaswa kutaja siku za mwaka unazotumia.

Msimamo wa mkulima: neema ni riba kulala

Msimamo huu una nguvu ya lugha. Mtu wa kawaida akiambiwa amepewa neema, anaelewa amepunguziwa mzigo. Tena una nguvu ya shamba: miezi ile mpunga bado ni majani, hauna cha kumpa mwenye nao. Kwa tafsiri hii riba ingehesabiwa siku 60 tu, kuanzia 1 Juni hadi 31 Julai, na ingekuwa shilingi 118,356. Deni lote lingekuwa 3,118,356.

Udhaifu wake unaonekana ukihamia upande wa pili wa meza. Fedha za mkopeshaji zina gharama kila siku: amana za wanachama zinazolipwa faida, au mkopo ambao chama chenyewe kimeuchukua benki. Ili apate shilingi zilezile 477,370 ndani ya siku 60, angelazimika kuandika kiwango cha asilimia 96.8 kwa mwaka. Hakuna atakayeandika hivyo. Atakachofanya ni kuihamishia gharama hiyo kwenye ada ya maombi, ada ya tathmini, au bei ya mbolea anayomkopesha mkulima badala ya fedha taslimu. Huko haiitwi riba, na haiwezi kulinganishwa na ya mkopeshaji mwingine.

Hata hivyo kosa la msingi halimwangukii mkulima. Aliyeandika "neema" bila kueleza ndiye aliyefungua mlango wa tafsiri hii, na pale ambapo mkataba hausemi kwamba riba inaendelea, mkulima ana haki ya kushikilia maana ya kawaida ya neno.

Msimamo wa pili: riba iingizwe kwenye deni

Wanaotetea mpango huu wanasema riba ya miezi sita ni fedha ambayo mkopeshaji angekuwa ameshaipokea na kuikopesha tena. Kwa kuwa amekubali kuingoja, kungoja huko kuna gharama. Basi tarehe 1 Juni riba ya siku 182, shilingi 359,014, inaingizwa kwenye deni la msingi linalokuwa 3,359,014, na siku 60 zilizobaki zinahesabiwa juu ya deni hilo jipya. Riba yote inafika 491,534. Ongezeko juu ya hesabu ya kwanza ni shilingi 14,164, ambazo ndizo riba ya riba.

Kiuhasibu hoja haina kasoro. Kasoro iko kwenye haki yake. Riba juu ya riba inaeleweka pale mdaiwa aliposhindwa kulipa kilichoiva. Katika mkopo huu hakuna kilichoiva Juni. Mkataba wenyewe ulisema malipo ni Julai. Mkulima anatozwa kwa kutolipa kitu ambacho hakutakiwa kulipa bado, na pengine hata angejitokeza na fedha Juni mosi hakuna kifungu kinachomruhusu kulipa riba hiyo kabla haijaingizwa.

Hatari kubwa zaidi ni mazoea. Anayekubali riba kuingizwa mara moja hutazama kando inapoingizwa kila mwezi. Kwa kiwango cha asilimia 2 kwa mwezi, kuingiza kila mwezi kwa miezi minane kunaleta riba ya 514,978, karibu shilingi 35,000 zaidi ya miezi minane iliyohesabiwa wazi. Kwenye mkopo wa msimu mmoja hilo linavumilika. Lakini mkulima aliyepigwa na mafuriko, mkopo wake ukasogezwa hadi msimu ujao kwa utaratibu huo, atakuta riba imeota mizizi kwenye deni la msingi na hakuna tena anayeweza kuvitenganisha.

Msimamo wa tatu: riba ilipwe kila mwezi

Hapa neema ni ya deni la msingi tu. Mkulima analipa 60,000 kila mwezi, na Julai anamalizia milioni tatu. Kwa mwenye ng'ombe wa maziwa au duka, mpango huu si mbaya. Mkopeshaji anapata dalili ya mapema, na mzigo wa mwisho unapungua.

Kwa mwenye mpunga peke yake una hatari isiyoonekana kwenye hesabu. Shilingi 60,000 za Februari zinatoka wapi? Ama kwenye fungu la mbolea, ama kwa mnunuzi anayelipia mpunga ungali shambani kwa bei ya kutupa, ama kwenye mikopo ile ambayo watu wameipa jina la kausha damu. Mkulima anayekopa kwa riba kubwa ili alipe riba ndogo amepoteza faida yote ya mkopo wa mavuno. Kitabu cha chama kitaonyesha marejesho mazuri, na hakuna ukurasa utakaoonyesha yametoka wapi.

Fedha nyingi zaidi zinapopotelea

Wakati watu wanabishana juu ya riba ya riba, ambayo kwa mfano wetu ni 14,164, kuna mambo mawili yanayopita kimyakimya yakiwa na uzito mkubwa zaidi.

La kwanza ni tarehe ya kupokea. Mikopo ya pembejeo hutolewa kwa mafungu. Tuseme mkulima alipokea 1,800,000 tarehe 1 Desemba, na 1,200,000 za mbolea na palizi tarehe 1 Februari. Fungu la kwanza limekaa naye siku 242 na riba yake ni 286,422. Fungu la pili limekaa siku 180, riba yake 142,027. Jumla ni 428,449. Mfumo uliorekodi mkopo wote kana kwamba umetolewa siku moja utadai 477,370. Tofauti ni shilingi 48,921, zaidi ya mara tatu ya riba ya riba tuliyoikuta kwenye msimamo wa pili. Mkulima ametozwa riba ya fedha iliyokuwa bado kwenye akaunti ya mkopeshaji, au ya mifuko ya mbolea iliyokuwa bado ghalani kwa msambazaji.

Kosa hili hutokea hata bila nia mbaya. Afisa anaufungua mkopo kwenye kompyuta siku ulipoidhinishwa, na kiasi chote kinasimama tarehe hiyo. Kinga ya mkulima ni karatasi: hati ya kupokea mbolea yenye tarehe, au ujumbe wa simu unaoonyesha fedha ilipoingia. Ujumbe huo usifutwe hadi mkopo uishe.

La pili ni makato ya mwanzo. Tuseme ada ya mkopo ni asilimia 2 na bima asilimia 1, zote zikikatwa juu kwa juu. Mkulima aliyekopa milioni tatu kwa mara moja anaondoka na 2,910,000, lakini anadaiwa riba ya milioni tatu. Ukijumlisha riba na makato, amelipa 567,370 kwa ajili ya kutumia 2,910,000 kwa siku 242. Hiyo ni sawa na asilimia 29.4 kwa mwaka. Mkopo uliotangazwa kwa 24 umegharimu zaidi ya 29, na sababu ni ufupi wa muda: ada ileile kwenye mkopo wa miaka mitatu ingesambaa na kuonekana ndogo, lakini kwenye mkopo wa miezi minane inakaa yote juu ya msimu mmoja. Anayelinganisha wakopeshaji wawili kwa kiwango cha riba pekee anaweza kumchagua aliye ghali.

Kujua njia iliyotumika bila kuonyeshwa mfumo

Mkulima mara nyingi hupewa tarakimu ya mwisho tu. Hata hivyo tarakimu hiyo inaweza kusemeshwa. Chukua riba uliyodaiwa, igawe kwa riba ya siku moja. Jibu ni idadi ya siku ambazo umetozwa, na linganisha na siku halisi za kalenda.

```
514978 / 1972.60 = 261.07
```

Siku za kweli zilikuwa 242. Karatasi inayodai siku 261 inakuambia riba imeingizwa kwenye deni kila mwezi. Ikitoka karibu 249, riba imeingizwa mara moja, mwisho wa neema. Ikitoka 245 na ushei, mwaka umegawanywa kwa siku 360. Ikitoka 243 na kidogo, wamehesabu miezi kamili. Ikitoka 242 kamili hesabu ni safi, lakini kwa sharti moja: kama ulipokea kwa mafungu kama hapo juu, jibu la haki ni siku 217, na hiyo 242 ndiyo yenye kosa.

Kipimo hiki kina mipaka. Kinafanya kazi pale faini, bima na ada zimetenganishwa na riba. Zikiwa zimechanganywa kwenye mstari mmoja, ombi la kwanza ni zichambuliwe kila moja peke yake. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha ziliwekwa ili mteja aelezwe wazi gharama anazobeba, na kwa chama cha akiba na mikopo, ambacho husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, mwanachama ana mahali pengine pa kuulizia: mkutano mkuu wa chama chake mwenyewe.

Tarehe ya kulipa na bei ya gunia

Kiasi cha shilingi hakimwambii mkulima kila kitu hadi akigeuze kuwa magunia. Deni la 3,477,370, gunia likiuzwa 70,000, ni magunia 50. Hapa gunia liwe la kipimo. Akiuza kwa lumbesa, anatoa mpunga zaidi kwa bei ileile, na hesabu ya magunia 50 inamdanganya.

Tarehe 31 Julai ni tarehe ngumu. Maji yakichelewa mfereji, kupandikiza kunasogea hadi mwisho wa Februari na mpunga unaiva wakati deni limeshaiva. Hata msimu ukienda vizuri, wote waliokopa hulazimika kuuza wiki zilezile, na bei hushuka kwa sababu ya wingi huo. Tuseme mkulima angeweza kungoja siku 30 na bei ikafika 85,000. Riba ya siku hizo ni 59,178, deni linakuwa 3,536,548, naye anahitaji magunia 42 badala ya 50. Gharama ya kungoja, ukiigawa kwa magunia 50, ni kama shilingi 1,200 kwa gunia, pamoja na ghala. Bei ikipanda zaidi ya hapo, kungoja kumelipa. Isipopanda, amepoteza, na uamuzi huo ni wake.

Ila uamuzi huo unamponyoka kwenye kifungu cha faini. Mkataba ukisema deni likichelewa linatozwa asilimia 3 ya kiasi chote, zinaongezeka 104,321, na gharama ya kungoja inafika karibu shilingi 3,300 kwa gunia. Kitu cha kukagua ni faini inahesabiwa juu ya nini, juu ya deni la msingi au juu ya deni pamoja na riba, na inaanza siku gani. Upande wa pili nao ukaguliwe: aliyevuna mapema akalipa tarehe 30 Juni ameokoa siku 31, yaani shilingi 61,151, lakini kama tu mkataba unasema riba inakoma siku anapolipa. Kuna mikataba inayotoza riba ya muda wote hata fedha ikirudi mapema, na mkulima mwenye mkataba wa namna hiyo hana sababu ya kuharakisha.

Upi mpango wenye uzito

Ukiweka misimamo yote kwenye mizani, riba ya wazi juu ya deni la msingi peke yake, inayohesabiwa kwa siku halisi tangu kila fungu lilipopokelewa, ndiyo yenye uzito zaidi. Inamlipa mkopeshaji kwa kila siku fedha yake iliyokuwa nje. Mkulima naye anaweza kuikagua kwa kuzidisha mara moja kwenye simu. Kinachopungua ni zile 14,164 za riba ya riba, na mkopeshaji anayezihitaji kweli ni bora apandishe kiwango kidogo kuliko kuzificha: kwa mkopo huu, asilimia 24.7 badala ya 24 ingemrudishia karibu zote, na kila mtu angeiona.

Neema ya kabla ya mavuno, katika mkopo wa mkupuo, ifutwe kwenye mkataba. Imeonekana kwamba haiahirishi chochote. Ama haina kazi, ama ina kazi ambayo haikusemwa. Lakini mkulima anahitaji neema kweli, na anaihitaji mahali pengine: baada ya tarehe ya kulipa, wakati mpunga umekwisha kupurwa na bei iko chini. Siku 30 baada ya 31 Julai, riba ya kawaida ikiendelea kwa shilingi 1,973 kwa siku na faini ikiwa bado haijaanza, hazimpunguzii mkopeshaji mapato yoyote, japo anabeba hatari ya mwezi mmoja zaidi. Hatari hiyo inaweza kupunguzwa mpunga ukiingia kwenye ghala lenye leseni chini ya mfumo wa stakabadhi za ghala, ambao Tanzania imekuwa na sheria yake tangu mwaka 2005, stakabadhi ikashikwa kama dhamana hadi mauzo yafanyike.

Kifungu cha namna hiyo kinatosha mistari mitatu kwenye mkataba: riba inahesabiwa kila siku juu ya deni la msingi tangu kila fungu lilipopokelewa, haiingizwi kwenye deni wakati wowote kabla ya tarehe ya kulipa, na faini haitozwi hadi siku ya 31 baada ya tarehe hiyo. Chini yake iandikwe riba ya siku moja kwa shilingi, ili Julai ikifika mkulima na afisa mikopo wawe wanazidisha tarakimu ileile.